Mstari Émerance Alioufuta

Ukitaka kumjua Émerance Numbi, usimwangalie akiwa mezani kwake. Mwangalie saa sita mchana. Kengele ya parokia haijamaliza kulia, yeye amekwisha kuvuka barabara, mkoba begani, anapita katikati ya washonaji wa mtaa wa Kamalondo kama mtu anayefukuzwa. "Jambo mama! Jambo papa! Nitapita jioni!" Hasimami mpaka afike kwa baba yake, papa Casimir, mstaafu wa reli, ambaye bila bintiye angekula mkate mkavu na chai. Ndivyo Émerance alivyoamini. Siku mama yake alipozikwa aliahidi kwamba mzee hatakosa bukari, ugali wa moto, mchana, na ahadi ni deni.

Basi mtu wa namna hiyo ukimwambia kazi yake inahamishwa mbali, umemkata mguu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ukarani katika Maison Tujenge, wauzaji wa jumla wa unga, sukari na mafuta. Mwenye kampuni, patron Anselme, alitoka Butembo na lori moja na Biblia moja. Siku hizi malori ni mengi, Biblia bado ni ile ile. Shida ilikuwa dépôt, ghala lenyewe. Njia za Kamalondo zilichorwa zamani kwa ajili ya watu wa miguu na baiskeli, siyo kwa remorque, lori lenye tela, inayotoka mpakani. Lori likifika, linasimama barabarani, magunia yanashuka kichwani, jirani anapiga kelele, mvua nayo haina adabu. Ilibidi kuchagua: kubaki Kamalondo na kuchukua kiwanja cha jirani, kuhamia jengo la mtaa wa Hewa Bora, au kwenda nje kabisa, kwenye barabara ya Kasumbalesa.

Walikaa réunion tatu, mikutano ya wakubwa, na zote tatu zilikufa bure. Kila mkubwa alileta diapo zake, kurasa za kuonyesha ukutani. Constantin, mkuu wa mauzo, alipenda Hewa Bora. Alileta picha nyingi za jengo jua likiwaka vizuri, na kodi akaihesabu kwa mwezi. Ephraïm, mkuu wa madereva, alipenda barabara ya Kasumbalesa. Alileta diapo mbili tu, kodi kwa mwaka, na umbali akaupima kwa lita za mazout, dizeli ya malori. Sasa hapo utalinganisha nini na nini? Na patron Anselme ana tabia yake, kila mtu anaijua: picha ya kwanza anaitazama kwa macho yote mawili. Kisha simu inalia, dereva fulani amekwama mpakani, na zilizobaki mzee anazisikia kwa sikio moja. Mwisho anafunga daftari na kusema, "Tuombe. Tutaona." Wakaomba, wakaona hola.

Mama Bénédicte, mke wa patron na mtunza hazina, ndiye aliyechoka kwanza.

"Émerance, weye njo utatengeneza," alisema. "Diapo za muntu moja, si za bantu tatu. Benye biwanja banangoja mpaka Ijumaa. Kisha Ijumaa tunapoteza byote."

"Ndiyo, mama," Émerance akajibu. Moyoni alisema: mawee, wamenipa kisu nijichinje mwenyewe.

Maana alijua. Hewa Bora ikishinda, kwaheri bukari ya saa sita. Kwenda na kurudi kungemaliza mapumziko yote kabla hajawasha hata jiko. Barabara ya Kasumbalesa ndiyo usiseme.

Sitamsafisha: jaribio lake la kwanza lilikuwa la hila. Kamalondo aliiweka mbele, kwa rangi ya kijani, na picha iliyopigwa asubuhi mtaa umefagiliwa. Hewa Bora akaipa picha ya siku ya mvua, matope mpaka mlangoni. Mstari wa wateja, ambao Kamalondo ilishinda wazi, akauweka juu kabisa. Ule wa malori kuingia akauzika chini, kwa herufi za kutafutia miwani. Hakusema uongo hata mmoja. Alipoitazama kazi nzima, akaona inasema uongo mtupu. Akaona haya, peke yake pale ofisini, mpaka akafunika kioo cha kompyuta kwa kitambaa.

"Aka!" akajiambia. "Miye si muntu wa vile."

Akaanza upya. Kwa kuwa patron hutazama picha ya kwanza tu, picha ya kwanza ikabeba kila kitu: juu, swali moja, "Dépôt mpya iwe wapi?", chini yake tableau moja, yaani jedwali, safu tatu kwa sehemu tatu, na mistari michache. Kodi yote kwa mwaka, umbali wote kwa kilomita. Vitu ambavyo sehemu zote zililingana, kama mlinzi wa usiku, akavitoa, maana havimsaidii mtu kuchagua. Umeme wa kule Kasumbalesa hakuna aliyekuwa na hakika nao. Hakubuni namba, akaandika "haijathibitishwa". Rangi akaitia pale tu tofauti ilipokuwa kubwa. Baada ya hapo diapo moja kwa kila sehemu, zote kwa mpango ule ule: picha mkono wa kushoto, faida kulia, hasara chini yake. Picha nazo akazipiga upya siku moja ya jua, ili matope yasimpigie mtu kura.

Ukabaki mstari wa mwisho: "Safari ya wafanyakazi". Kamalondo, kijani. Hewa Bora na Kasumbalesa, nyekundu. Akautazama sana. Watasema Émerance anajisemea, akawaza. Watasema ameleta sufuria ya baba yake kwenye réunion. Akaufuta. Akajiona mtakatifu kidogo, na mtu akijiona hivyo, mara nyingi kuna kitu amekanyaga.

Alhamisi réunion ikaanza kwa sala, kama desturi. Patron akainua macho ukutani, akasoma juu hadi chini, akarudi juu. Simu ikalia. Akaizima! Constantin akamtazama Ephraïm. Kitu hicho walikuwa hawajakiona.

"Kumbe njo hii tu?" patron alisema. "Myezi yote tulikuwa tunagombania kintu ya ukurasa moja?"

Hapo mambo yakaenda mbio. Kasumbalesa ilianguka kwanza, na aliyeiangusha ni Ephraïm mwenyewe. Alitazama mstari wa wateja, akatazama ule umeme usiothibitishwa, akakuna kidevu. "Hapana, patron. Bamama ba soko habatafika kule. Miye nilikuwa naangalia paka malori tu." Zikabaki mbili. Kamalondo ilishinda kwa kodi na wateja, Hewa Bora kwa malori na nafasi.

Émerance alisimama kando ya projecteur iliyorusha picha ukutani. Ndani yake Kamalondo ilikuwa inaimba.

Mama Bénédicte akavua miwani. "Émerance, sioni bantu humu. Bafanyakazi betu, karibu bote banaishi hapa Kamalondo. Banafika kazini na miguu. Tukihama, batafika namna gani? Uko wapi ule mustari?"

Angeweza kusema alisahau. Midomo ilishajiandaa kusema hivyo.

"Ulikuwepo, mama. Niliufuta."

"Juu ya nini uliufuta?"

"Juu ya miye naishi hapa. Saa sita napikia papa yangu. Niliogopa mutasema najitetea. Nilitaka iwe ya haki."

Constantin alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akanyamaza. Mama Bénédicte hakucheka wala hakukasirika. "Haki gani, mutoto wangu? Ulijitoa weye, ukatoa na bale bote. Babeba-magunia nabo ulibauliza?"

Swali hilo lilimchoma. Hakuwauliza. Katika kujikwepa mwenyewe alikuwa amewafuta watu wote wa dépôt, na wao hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasemea mle ndani.

"Rudisha," patron akasema. "Hapa hapa."

Akaurudisha, wote wakitazama. Kijani kwa Kamalondo, nyekundu kwa Hewa Bora. Lakini mstari ukionekana unadai majibu. Mama Bénédicte akasema kama ni Hewa Bora, gari la kuwachukua watu asubuhi na kuwarudisha jioni ni la kampuni, na gharama yake iingie kwenye mstari wa Hewa Bora, siyo mfukoni mwa wabeba magunia. Émerance akaiingiza. Hewa Bora ikapanda bei, ikazidi kuachwa na Kamalondo kwa gharama, lakini mstari wa malori ulisimama pale pale. Ephraïm akausema wazi: "Patron, hapa remorque haigeuki. Hata tukifunga na kuomba, haigeuki."

"Hewa Bora," patron alisema. "Na gari ya bantu, iandikwe. Tuombe." Safari hii walikuwa na kitu cha kuombea. Wakati wa kutoka patron akamgusa Émerance begani. "Kazi ya muzuri sana, mama." Akashukuru. Alifurahi kweli, na alitaka kulia kweli, vyote kwa pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza maneno yake kuamua kitu pale, na yalikuwa yamemhamisha.

Saa sita hakukimbia. Alitembea. Akasonga bukari, akaweka sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaketi mbele ya baba yake, akamweleza kila kitu. Halafu, maana kichwa kilikuwa bado kwenye réunion, akageuza bahasha na kumchorea mzee tableau: kupika alfajiri na kuacha chakula kwenye thermos, kumlipa msichana wa kupika, kuomba ruhusa ya kuondoka mapema. Faida, hasara, vyote kwa mpango.

Papa Casimir aliisoma yote kwa utulivu wa mtu aliyesoma ratiba za treni maisha yake yote.

"Iko muzuri," alisema. "Lakini mustari wangu uko wapi?"

"Yote ni juu yako, papa."

"Juu yangu, ndiyo. Lakini hakuna penye uliniuliza." Mzee akasukuma sahani taratibu, akaangalia dirishani kwa aibu ya mtoto. "Mama Plamedie wa hapa nyuma. Kila siku saa tano anapika. Donat anakuja, Mutale anakuja, bote ba reli, tunakula, tunacheka. Tangu mwaka jana."

Émerance alimkazia macho. "Na bukari yangu ya saa sita?"

"Naikulaka pia." Papa Casimir akajipiga tumbo, ambalo kwa kweli lilikuwa limekua, na Émerance alikuwa amelisifu mara nyingi kama kazi ya mikono yake. "Ulikuwa unakuja mbio vile, jasho kwenye uso. Ningesema nini? Mutoto akikukimbilia, unakula."

Émerance alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikamgeukia, akajipangusa macho kwa mkono wenye unga. Mwaka mzima wa kukimbia, na wala hakuwahi kuuliza. Akachukua kalamu, akachora mstari mpya chini ya bahasha, akaandika "Papa anataka nini", akampa mzee kalamu.

Papa Casimir aliandika polepole, kwa mwandiko wake wa reli: saa tano kwa Mama Plamedie, na siku ya Mungu, Jumapili, bukari na mtoto wangu, bila haraka.