Betri Zilizokataa Kufa Kwenye Karatasi

Hadi leo nikimsikia mtu anasifu betri kwa maelfu ya mizunguko, damu inanichemka.

Nilikuwa fundi wa mashine ya kusaga katika kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Misigiri. Mchana, kina mama wakisaga uwele na mtama, injini hiyohiyo ilizungusha dainamo na kuchaji betri za zahanati ya jirani. Usiku betri ziliwasha taa mbili, moja juu ya kitanda cha kujifungulia na nyingine wodini. Zilipokuwa mpya zilidumu kwa muda wa saa kumi, na giza letu lilitaka saa kumi kamili. Karatasi ya mtengenezaji iliahidi kuzichaji na kuzitumia mara elfu mbili. Tukasema, mzunguko mmoja kwa siku, miaka mitano hatuna shida. Mkutano wa kijiji ukapiga makofi.

Mwaka wa tatu mkunga wa zahanati akanifuata mashineni.

"Fundi, taa zinanikimbia saa nane za usiku. Jana nimepokea mtoto kwa kibatari. Mama anavuja damu, sioni inatokea wapi!"

Nikazijaza chaji, nikaziwashia taa zote mbili mchana kutwa. Zikatoa saa saba tu. Basi mimi na mkunga tukadandia lori hadi Singida mjini, kwa mzee wa Kihindi aliyetuuzia.

"Shikamoo mzee. Betri zako zimekufa, na ile mizunguko elfu mbili ndiyo kwanza inakaribia nusu."

Akavaa miwani, akasoma maandishi madogo chini ya karatasi. "Hazijafa, fundi. Hapa wanahesabu mizunguko mpaka betri ibaki na sehemu sita katika kumi za uwezo wake. Zenu zina saba. Tena walizipima mahali pa baridi, kila mara wakitumia nusu ya chaji. Nyie mnazikausha kila usiku, na zinakaa kwenye joto, kando ya injini."

Nilitamani kuichana ile karatasi. Kumbe ile elfu mbili peke yake haikutuambia kitu. Tulipaswa kuuliza betri itakuwa imebaki na nini ikifika huko, halafu tununue kubwa, ambayo hata ikichakaa kiasi hicho bado ingetupa saa zetu kumi. Sasa maji yalikuwa yameshamwagika, na betri nyingine hazikuwepo dukani wala kijijini hapakuwa na uwezo wa kuziagiza.

Ndipo mkunga akauliza, "Huyo aliyezitengeneza, mkewe anajifungua saa ngapi?"

Mzee akaikunja ile karatasi, akanirudishia.

Tuliporudi nikaing'oa taa ya wodini. Ile ya kitandani ikaanza kufika alfajiri, na wajawazito waliosubiri zamu yao wakasubiri gizani. Kwa hesabu ya mtengenezaji, betri zetu zilikuwa nzima.