Mguu Uliosubiri Kauli ya Kaka

Hasira ya siku zile sijaimaliza, na sioni sababu ya kujifanya nimeimaliza.

Mama alichomwa na mwiba shambani kwetu Maretadu, asihisi kitu, kwa sababu kisukari kilikuwa kimeshaua hisia za miguu yake. Tulipomfikisha hospitali kidole kilikuwa cheusi. Siku ya saba weusi ulikuwa umepanda hadi katikati ya unyayo, na daktari akaniambia mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi.

Nilimpelekea baba mdogo habari hiyo. Baada ya shikamoo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mguu wa mama yenu haukatwi bila kauli ya mkubwa. Mngojeni kaka yako aseme."

Kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa ametimiza miaka sita akiishi ng'ambo. Nikampigia siku tatu bila kumpata. Siku ya nne simu ilikata mara mbili, ya tatu akasema, "Sikuelewi. Niandikie bili na matibabu kwa maneno rahisi, nitumie kwa faksi, nione nitakavyoamua." Nitakavyoamua! Mimi ndiye niliyekuwa nalala sakafuni chini ya kitanda cha mama na kumwaga beseni lake. Nikasema sawa kaka.

Asubuhi nilikwenda kwa mhasibu wa hospitali akanisomea bili, kisha kwa daktari, naye akaniandikia mpango kwenye kipande cha karatasi. Nikaketi pembeni mwa kitanda, daftari juu ya goti, nikaandika:

"Kaka, kitanda siku kumi na moja ni shilingi 22,000. Dawa na sindano 46,500. Kusafisha kidonda 11,000. Vipimo vya damu na picha ya mguu 18,000. Jumla 97,500. Nimelipa 60,000 za ndama niliyemuuza, zimebaki 37,500. Upasuaji ni 150,000 nyingine, na nusu yake inatakiwa kabla.

"Nyama ya unyayo imekufa. Dawa haifiki kwenye nyama iliyokufa. Wakiuacha, sumu itaingia kwenye damu na mama atakufa. Wakiukata, kwanza watashusha sukari kwa sindano, na ndugu wawili tutatoa damu ya akiba. Atakaa wodini kama wiki mbili hadi nyuzi zitolewe, atatembea kwa magongo, na kidonda kikipona kabisa, baada ya miezi, anaweza kupimwa mguu wa bandia. Dawa ya sukari ni ya maisha. Mguu uliobaki tuukague kila siku."

Mama alikuwa ananitazama. "Unamwandikia nini kaka yako?"

"Habari zako."

"Nisomee na mimi."

Daktari aliongea Kiswahili cha haraka chenye Kiingereza ndani, na mama Kiswahili chake ni cha mnadani tu. Nikamsomea kwa Kiiraqw, lugha yetu, neno kwa neno, na nilipofika kwenye neno "atakufa" akanikazia macho nikaendelea. Nilipomaliza akauliza kama mtu mwenye mguu mmoja anaweza kukaa chini na kupiga maharage. Nikasema anaweza.

"Siku zote hizi mlikuwa mnamngoja nani?"

Siku nne niliwachukia baba mdogo, kaka na hiyo simu inayokatakata, na mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza. Nilikimbia kwa daktari nikiwa nimemkasirikia hata yeye. "Kwa nini hukumwuliza mama?"

"Nilikwambia mzungumze naye," akasema. "Ukaniambia familia inamsubiri kaka. Nikadhani mama mwenyewe ndiye anayemsubiri. Akili yake ni timamu, ruhusa ni yake."

Akamwita muuguzi mwenyeji wa huku. Muuguzi alimweleza mama upya kwa lugha yetu, akamuuliza mara mbili kama ameelewa. Mama akatia dole gumba kwenye fomu, akafuta wino kwenye shuka la hospitali. Mimi nikaongeza mstari mmoja chini ya barua: "Kaka, sikuombi ruhusa, naomba hela." Nikaipeleka dukani kwenye faksi.

Tuliuza ng'ombe mwingine, maana hela ya kaka ilikuwa haijafika. Hata hivyo, weusi ulikuwa umepanda siku zile nne za kungoja. Daktari alikata juu ya goti.

Kaka alipiga simu siku ya tatu baada ya upasuaji, mama akiwa ameshaanza kunywa uji. Hakusalimu.

"Si mngenisubiri nije Desemba! Nani aliyetia saini?"

"Mwenye mguu," nikamjibu, nikampa mama simu.