Beseni la Ethel

Ukifika Makote ukauliza nani anajua nyuki, miaka ile watu walikuwa wanakuonyesha kwa Mama Cuthbert, yaani Anastasia. Hawakufikiri mara mbili. Mjomba wake Fortunatus alikuwa mrina asali wa sifa, na kwa kuwa hakuwa na mpwa wa kiume mwenye moyo wa kupanda mti akiumwa huku na huku, alimchukua binti wa dada yake akamfundisha yeye. Watu walicheka. Anastasia akapanda. Mzee alipofariki alimwachia mizinga sita ya magogo, iliyotundikwa kule ukingoni mwa uwanda, pale ardhi inapoporomoka kuelekea bonde la Ruvuma, mwendo wa saa nzima na ushee kutoka nyumbani.

Basi kwa miaka ishirini jina hilo lilikuwa lake peke yake, na jina tamu ni kama sukari, ukizoea huoni tena kama ni anasa. Akaja kuonjeshwa uchungu wake mwaka wa tisini na sita.

Mambo yalikuwa yamefunguka. Korosho zilikuwa zinanunuliwa na kila mwenye gari na mizani, maduka ya Newala yamejaa mabati na mitumba, na safari hii wakaja watu wa kutafuta asali pia. Ofisi ya wilaya ikamtuma bwana nyuki, mtaalamu wa ufugaji, kijana mmoja anaitwa Husseni, mpole, mwenye pikipiki inayokohoa. Akaunda kikundi cha akina mama. Alileta sanduku moja la mbao lenye vibao vya juu na mfuniko wa bati, la kujifunzia, na akasema litakaa kwa mama anayejua kuandika vizuri, maana kila siku kuna kazi ya kuandika.

Likakaa kwa Ethel.

Ethel, yaani Mama Josephina, alikuwa mdogo wake Anastasia, mtoto wa mama yake mdogo, jirani yake, ua wa miti tu ndio uliotenganisha nyumba zao. Alisoma hadi darasa la saba, tena kwa mwandiko uliolala vizuri kwenye mstari. Lakini nyuki! Mpaka mwaka wa kabla yake alikuwa akimwona nyuki mmoja anakimbilia ndani. Anastasia alipiga makofi na wenzake siku ile, mikono ikapiga, moyo haukupiga. Husuda iliingia kwake kimya kimya, ikavuta kigoda, ikakaa.

Bwana Husseni alitoboa tundu ubavuni mwa sanduku, akapitisha kipimajoto hadi katikati ya masega, pale malkia anapotaga na majana, watoto wa nyuki, wanapolelewa. "Hapa," aliwaambia akina mama, "ndipo roho ya mzinga ilipo. Majana hawavumilii joto wala baridi. Wanataka nyuzi thelathini na nne, thelathini na tano, usiku na mchana. Mama Josephina ataandika asubuhi, mchana na jioni. Mwezi wa kumi ukiisha, nitachagua mwalimu wa kikundi, aende Masasi kwenye mafunzo, na arudi na masanduku manne."

Mwalimu wa kikundi. Anastasia alilitaka hilo kwa meno. Sio kwa ajili ya masanduku, la. Alitaka watu waendelee kuonyesha upande wa nyumba yake.

Daftari la Ethel likawa habari ya mtaa. Asubuhi ya mwezi wa saba, wakati uwandani watu wanatoka na mablanketi mabegani, hewa ya nje nyuzi kumi na sita, ndani ya sanduku thelathini na nne. Mchana jua linawaka, ndani thelathini na tano. Bwana Husseni akaeleza. Usiku wa baridi nyuki hujikusanya juu ya majana, wakabana, wakatetemesha misuli ya mabawa bila mabawa yenyewe kusogea, na miili yao ikatoa joto. Mchana wa joto hupanga mstari mlangoni wakapepea, na wengine wanaleta maji, wanayapaka ndani kwa matone membamba, upepo wa mabawa unayakausha, na mzinga unapoa kama mtungi.

"Mimi nilikuwa najua hayo kwa kiganja," alisema Anastasia, kwa sauti ya kusikika. "Ukiweka mkono kwenye gogo alfajiri unausikia uvuguvugu."

"Kweli kabisa, mama," alisema Bwana Husseni. Akageuka kumsifia Ethel mwandiko.

Wiki iliyofuata Anastasia alifanya jambo ambalo mjomba wake angemchapa bakora. Alikwenda ukingoni na mwanawe Cuthbert jioni, akaziba mlango wa mzinga mmoja kwa majani, ule wenye nguvu kuliko yote, wakaubeba hadi nyumbani. Hakuutundika mtini. Aliuweka juu ya miti miwili yenye panda, kando ya njia, peupe, kusudi bwana nyuki akija kwa Ethel lazima auone wa Anastasia kwanza.

Aliuona. Akaupima. Thelathini na nne na nusu.

"Sawasawa na wa sanduku," alisema.

Neno "sawasawa" lilimkwaruza Anastasia siku nzima. Gogo la babu zake, sawasawa na ubao wa juzi!

Mwezi wa tisa ukaja, na wa kumi. Uwandani maji ni mtihani mwaka mzima, lakini mwezi wa kumi ni adhabu. Matangi yalikuwa yamekauka, wanawake wanashuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshakuwa kali. Na Ethel, kwa maji hayo hayo, alijaza beseni la nyuki! Alilipangia kokoto ndani wasizame, akaliweka chini ya mkorosho karibu na sanduku. Watu walimcheka. Anastasia alicheka kuliko wote. "Nyuki wa mjomba walikunywa kwa nani?" alisema. "Miaka ishirini sijawahi kumtilia mdudu maji."

Kisha binti yake Ethel, Josephina, akashikwa na uchungu wa uzazi kabla ya siku zake, wakampeleka Masasi. Ethel akaja mbio, kanga begani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Josephina vipi?"

"Wamempakia sasa hivi, namfuata. Dada, nakuomba. Nijazie beseni kila asubuhi, maji nimeyaacha kwenye pipa. Na uniandikie namba. Wewe ndiye unayewajua nyuki."

"Nenda salama. Usiwe na wasiwasi," alisema Anastasia, na alipolisema alikuwa analimaanisha, karibu lote.

Siku ya kwanza beseni lilikuwa na maji ya jana. Akaliacha. Aliandika thelathini na tano. Siku ya pili likabaki tope kati ya kokoto, naye akasimama na kata ya kuchotea mkononi, akaangalia pipa, akairudisha kata mahali pake. Hebu tuone, alijiambia, huyo mwalimu wa daftari nyuki wake wana akili gani bila kubembelezwa. Saa saba mchana kipimajoto kilisema thelathini na sita.

Siku ya tatu, thelathini na saba. Asubuhi ilikuwa thelathini na nne kama kawaida, kwa kuwa baridi haidai maji, inadai miili tu. Lakini mchana nyuki walitoka wakaning'inia mlangoni kama ndevu, kuacha nafasi ndani, na waliobaki walipepea hadi sanduku zima likavuma. Anastasia aliandika ile namba kwa uangalifu, akaikoleza wino. Alikuwa na furaha. Tusimsitiri, alikuwa na furaha.

Siku ya nne ndipo alipotazama gogo lake mwenyewe. Nalo lilikuwa na ndevu, ndefu kuliko za sanduku. Chini ya mlango palikuwa na majana weupe waliotupwa nje, wamekufa. Akawafuata kwa macho nyuki waliokuwa wanatoka. Waliruka juu ya ua, wakateremka kwenye beseni la Ethel, wakatembea juu ya tope lililopasuka, wakaingiza ndimi kwenye nyufa, wakarudi kwake mikono mitupu.

Alikaa chini. Mara akaliona lile ambalo mjomba hakuwahi kulisema kwa sababu halikuhitaji kusemwa. Mzee hakuwatilia nyuki maji kwa kuwa aliwatundika kivulini, juu ya chemchemi. Yeye ndiye aliyewatoa kwenye maji na kivuli akawaanika njiani, ili waonekane. Na tangu siku hiyo nyuki wake walikuwa wanaishi kwa beseni la mdogo wake.

Dawa ilikuwa hatua thelathini: pipa, kata, beseni. Lakini akijaza kule, sanduku nalo litapona. Alisimama hapo katikati, na husuda ikasimama naye. Akaenda ndani kwake, akatoa bakuli, akalijaza maji ya kupikia, akaliweka chini ya gogo lake. Hapo, alisema. Kila mtu na wake.

Nyuki hawakuliona. Walikuwa na njia yao waliyoizoea, wakapita juu ya bakuli jipya lililojaa, wakaenda kulamba tope kavu. Saa nane kipimajoto cha Ethel kikasema thelathini na nane.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, gogo lilinguruma. Walitoka wote kwa pamoja, wakazunguka angani kama moshi wa jiko, kisha wingu likanyooka kusini, upande wa bondeni, likapotea. Anastasia alitoa kizibo cha gogo. Masega yalikuwa yamejaa majana waliokufa, na asali hamna, walikuwa wameinywa kabla ya kuondoka.

Ndipo akachukua kata. Alijaza beseni hadi juu, mara moja, mara mbili. Jioni kipimajoto kilirudi thelathini na tano na nusu.

Ethel alirudi kesho yake, Josephina na mjukuu salama, macho yake mekundu kwa kukesha. Alifungua daftari kabla hajavua viatu. Alisoma kimya, kidole kikishuka kwenye mwandiko wa dada yake, kikasimama kwenye thelathini na nane.

"Beseni lilikuwa na maji, dada?"

Anastasia angeweza kusema jua lilizidi. Bwana Husseni mwenyewe angeamini.

"Halikuwa na maji," alisema. "Sikutia. Nilitaka wakushinde."

Ethel alifunga daftari. Akatazama juu ya ua, akaona gogo halina hata nyuki mmoja.

"Na wako?"

"Wamehama."

Ethel alikaa juu ya kinu. Hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba.

"Sanduku langu lilitosheka na nusu ndoo," alisema mwishowe. "Tangu ulipolileta lile gogo nilikuwa nateka ndoo nzima. Niliwaona wa kwako wanakuja. Sikutaka kukwambia, ungeona nakusimanga."

Anastasia aligeuka akalitazama beseni. Miezi mitatu mdogo wake alikuwa amepanda ule mlima na maji ya nyuki wake kichwani, na hakumwambia mtu. Aibu ilimshika, naam, lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine, nacho alikijua vizuri sana. Alikuwa anamwonea wivu Ethel hata kwa hilo.