Koti la Lenah Halilipiwi

Tangazo la ndege lilibandikwa kwenye mlango wa saiba, duka la intaneti, pale Nchiru: Nairobi kwenda Mombasa, shilingi 2,900. Mzee Kithinji hakujua kusoma, lakini tarakimu alizijua. Alikuwa na elfu nne za mbuzi aliyemuuza, mbali na nauli ya kufika Nairobi. Basi la mpaka Mombasa nyonga yake isingelistahimili.

Lenah, mkewe, alikuwa amemwambia kabla hajafa: nguo zangu mpelekee Gatakaa, kwa mkono wako. Gatakaa ni dada yake. Alikuwa mgonjwa kitandani Mombasa, na hata mazishi hakufika.

Purity wa saiba akalitazama begi la nguo miguuni pa mzee, akabonyeza kompyuta.

"Kuchagua kiti, mia tano."

"Nisipolipa nitasimama?"

"Utapewa kiti, mzee. Kuchagua ndio pesa. Hilo begi nalo, elfu moja mia tano."

"Begi nitapakata."

"La bure lisizidi kilo saba. Na ukichekini uwanjani, elfu moja."

"Nilipe elfu ili niwaambie nimefika?"

Purity akacheka. Mzee hakucheka. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Elfu tano mia tisa.

"Huu ni wizi, na umeandikwa mlangoni!"

"Si mimi niliyeandika, mzee."

Mzee akaanza kupunguza. Kiti, wampe chochote. Kuchekini, Purity akamwambia arudi siku moja kabla ya safari, atamfanyia hapo hapo na kumchapishia karatasi kwa shilingi ishirini. Likabaki begi. Pamoja nalo, elfu nne mia nne na ishirini. Bado hazikutosha.

Akalibeba mpaka duka la nafaka, mlango wa pili, wakalining'iniza kwenye mizani ya maharagwe. Kilo kumi na moja.

"Toa kilo nne," muuza maharagwe akasema.

Kwake ilikuwa rahisi. Begi lilifungwa na Lenah mwenyewe, na kwa miezi minne Mzee Kithinji hakuigusa zipu yake. Alipolifungua sasa, mbele ya magunia na watu, moshi wa jiko la Lenah ukamjia puani.

"Mzee, kuna wateja."

"Wangoje!"

Akatoa sweta mbili, akazivaa. Akatoa koti la kanisani, akalivaa juu yazo. Lilimbana kwapani. Viatu akavisukuma mifukoni. Mizani ikasema saba.

Akarudi saiba akitoka jasho. Purity akalitazama koti, vifungo vyake vya dhahabu, kisha akainamisha macho kwenye kompyuta.

"Ninunue, mzee?"

"Nunua. Waulize kama watapima na mtu."

"Mtu hawapimi."

"Basi."

Alilipa, akaenda nyumbani na koti lile mwilini, jua likiwaka. Jioni ilipofika hakulivua.