Mashine ya Sada Yapigwa Picha

Sada Likwata aliwadharau watu wengi, na hakuona sababu ya kulificha jambo hilo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma pale Kilwa Masoko, na katika miaka hiyo alisahihisha barua za mabosi wanne ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuandika tarehe vizuri. Shirika lilipovunjwa na wafanyakazi wakapunguzwa, wenzake walinunua mabati, na wengine waliongeza wake. Yeye alinunua mashine ya fotokopi. Ilikuwa mtumba, imetoka nje ya nchi, na mumewe Hussen ndiye aliyekwenda kuichagua Kariakoo na kuileta kwa lori mpaka chumba cha duka la mkewe, hatua chache kutoka posta.

Ilifanya kazi miaka mitatu. Ilitoa nakala za vyeti vya kuzaliwa, barua za maombi ya kazi, na fomu za wakulima wa korosho kutoka Mitole na Miteja, waliozileta zimekunjwa mara nane kama hirizi. Halafu asubuhi moja taa nyekundu ikawaka, na nakala zikatoka zimefifia kiasi kwamba picha ya mtu kwenye kitambulisho ilibaki kivuli tu. Wino umekwisha. Makopo mawili ya unga wa wino yaliyokuja na mashine yalikuwa yametumika mpaka chembe ya mwisho, na Hussen alikwishayatupa jalalani.

Kwa wakati mwingine jambo hilo lingesubiri. Lakini Mwalimu Kornelio, mkuu wa shule ya sekondari, alikuwa amempa Sada ahadi: akitoa nakala za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, kazi zote za shule mwaka mzima zitakuwa zake. Siku ya mwisho ni Alhamisi ya wiki ya tatu kutoka hapo, saa sita mchana. Ikipita hapo, mwalimu atapeleka karatasi zake Lindi. Duka la Sada lingeishi au lingekufa kwa kazi hiyo, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Aliandika barua kwa Veronika, binti wa kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, azunguke madukani kuutafuta wino. Veronika alizunguka. Kila alikoingia aliulizwa mashine ni aina gani, naye akajibu kwa jina lililobandikwa kwenye kifuniko. Hakuna aliyewahi kulisikia. Mwishowe fundi mmoja aitwaye Edwin akamwambia kwamba hilo ni jina la aliyeiuza tu. Mashine moja huweza kuuzwa kwa majina matatu. Aletewe picha, na namba iliyoandikwa kwenye kibati cha mashine.

Barua ya Veronika ilimkuta Sada ana homa, kwa hiyo Hussen akasema, "Mama Naima, lala. Hili niachie mimi."

Akaachiwa. Hussen alimwita Ambrosi, mpiga picha mwenye studio ya pazia lenye maporomoko ya maji, Mmakonde wa Newala ambaye hakuwahi kupiga picha ya kitu ambacho hakijapambwa. Wakaitandika mashine kitambaa cha kufuma. Juu ya kitambaa wakaweka maua ya plastiki, na kando ya maua redio. Hussen akavaa kanzu na koti, akasimama mbele ya mashine, mkono mmoja juu ya kifuniko, akakaza uso kama anayeapishwa. Kibati cha namba hawakukitafuta. Kisha wakangoja siku tano ili Ambrosi amalize filamu yake, kwa kuwa hakuna anayesafisha filamu ambayo haijaisha.

Picha ilifika Dar kwa basi. Jibu la Edwin, lililoandikwa na Veronika kwa adabu kubwa mno, lilisema fundi ameona mzee mmoja nadhifu, maua na redio. Upande ulioachwa wazi na kanzu aliona trei ya karatasi kushoto, na hapo aliweza kukisia mashine tatu. Kila moja ina unga wake. Unga usio wake huharibu dramu, silinda ya ndani inayochapa picha, na dramu ikiharibika, duka halina mashine tena. Hatauza wino kwa kukisia.

"Mzee nadhifu," Sada alisema, mkononi ana nakala ya picha ile. "Umeoa mke wa pili, Baba Naima, hukuniambia? Maana huyu bibi harusi umemshika vizuri kuliko ulivyonishika mimi."

"Mtu akipiga picha hupendeza," Hussen alijibu taratibu.

"Mtu! Hii ni mashine! Mwanamume mzima, una macho mawili, umeshindwa kuona namba!"

Alimsema siku hiyo, akamsema na kesho yake. Alimsema kwa jirani, kwa muuza maji, na kwa Ambrosi mwenyewe, huku akimwita bingwa wa kupiga picha maua. Alisema wanaume wa pwani wakipewa ndege wataitandika kitambaa. Ilimpa raha, hakuna haja ya kuficha. Kwa muda wote huo hakuigusa mashine, kwa kuwa aliyeshindwa kazi ni Hussen na ilikuwa juu ya Hussen kuikamilisha.

Jumatatu ya wiki ya tatu ndipo alipoona kwamba akingoja mumewe atangoja mpaka kiama. Akang'oa kitambaa, akaivuta mashine kutoka ukutani, akachungulia nyuma. Kibati kilikuwepo, lakini kutu ya chumvi ya bahari ilikuwa imekula maandishi yote. Akaja mbele, akafungua mlango mdogo ambao huufungua kila karatasi inapokwama. Ndani ya mlango huo, palipokabili uso wake, palikuwa na karatasi nyeupe iliyobandikwa: aina ya mashine, namba yake, na namba ya wino wake.

Jumanne asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye simu ya posta, ile ghali aliyoiepuka muda wote, akampigia Veronika kazini.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Andika," alisema Sada, akaisoma namba herufi kwa herufi mara mbili.

Edwin hakuhitaji hata kusimama. Makopo mawili ya unga yalikuwa rafuni kwake, chini ya jina jingine kabisa. Dramu ya akiba, na bledi ya kuipangusa, zinapatikana. Na Lindi yupo fundi Jerome, anayezifungua mashine hizo hizo. Mzigo uliondoka Jumatano. Basi likakwama kwenye tope, likaingia Masoko Alhamisi saa kumi jioni.

Sada alimimina unga, akasubiri mashine ipate moto, akatoa nakala moja. Ilikuwa nyeusi, safi, kila herufi mahali pake. Ila Mwalimu Kornelio alikuwa amepita saa sita na nusu na bahasha zake kwapani, akasubiri mlangoni kidogo, akaenda zake Lindi. Mtihani na kazi ya mwaka mzima vilikwenda naye.

Hussen aliitazama nakala. "Nzuri," alisema. "Namba uliipata wapi?"

Sada angeweza kusema aliipata nyuma, kwenye kibati. Hakuna mtu ambaye angekwenda huko kuangalia kutu.

"Ndani ya mlango," alisema.

"Huu wa karatasi zinapokwama?"

"Huo huo."

Hussen aliutazama mlango, kisha akamtazama mkewe, aliyeufungua mlango ule kwa miaka mitatu. Sada alikaza shingo akingoja acheke. Alikuwa na maneno tayari, tena makali. Hussen hakucheka. Alichukua ufagio, akaanza kufagia unga mweusi uliomwagika sakafuni, taratibu, usiruke. Sada alisimama na maneno yake yote mdomoni, akaona aibu.