Baki ya −2x + 2

Muhula ule nilikuwa hoi. Mama amelazwa hospitali ya Mwananyamala, chuo kiko Temeke, na mitihani ya marudio ya aljebra niliisahihishia kwenye benchi nje ya wodi, mwongozo wa majibu nimeuweka mapajani. Jibu likifanana na la mwongozo, vema. Lisipofanana, kosa, twende karatasi nyingine.

Wiki moja baada ya matokeo, mwanafunzi wangu mmoja akanifuata ofisini. Mama wa watoto watatu, anafundisha shule ya msingi huko Chamazi. Alikosa alama mbili tu za kufaulu, na pale chuoni ukifeli marudio unafungasha.

"Sijaja kulalamika, madam," akasema. "Naondoka. Ila nionyeshe nilipokosea, maana silali."

Nikashusha pumzi. Jamani, hata kuaga nako kunataka kipindi? Nikaitoa karatasi yake.

Swali lilitaka kujua kama x³ − 3x + 2 ina mzizi uliojirudia, bila kuitafuta mizizi yenyewe. Unachukua derivativu yake, yaani kipimo cha mteremko wake, halafu unatafuta kigawo kikubwa cha shirika cha hizo mbili, KKS ileile ya darasani kwake. Ikitoka namba tupu, hakuna mzizi uliojirudia. Ikitoka na x ndani, upo.

Nikashuka naye mstari kwa mstari. Derivativu, 3x² − 3, sawa. Kagawanya ile ya kwanza kwa hii, imebaki −2x + 2, sawa. Kagawanya 3x² − 3 kwa baki hiyo, hakikubaki kitu. Basi KKS ni −2x + 2, kaandika, na mzizi uliojirudia ni 1. Pembeni pana kosa langu jekundu, kubwa, la mtu mwenye haraka.

"Umeona? Mwongozo unasema x − 1," nikamwambia, na hapohapo nikaliona kosa langu. Gawanya −2x + 2 kwa −2, unapata x − 1. KKS ya polinomia hata ukiizidisha kwa namba yoyote isiyo sifuri, bado ni KKS. Mie huyuhuyu ndiye niliyewafundisha! Na swali lilikuwa na alama tano.

"Hujakosea," nikasema. "Nimekosea mie. Nisamehe, dada yangu."

Nilivuta karatasi nikamwandikia mkuu wa idara: mwanafunzi alipata jibu sahihi, aliyekosea ni msahihishaji, alama zake zirudishwe, amefaulu. Nikatia sahihi.

Akaomba kuisoma. Akaisoma mara mbili, kisha akatoa simu akaipiga picha.

"Ya nini tena?" nikamuuliza. "Naipeleka mwenyewe sasa hivi."

"Nikamwonyeshe baba watoto," akasema. "Nilimwambia nimefeli, hesabu siziwezi. Akaniambia yeye alijua toka siku ya kwanza."