Siku Tairi Zilipoisha Dukani

Msimu wa mavuno ya mpunga, tairi za baiskeli ziliisha dukani kwa mjomba, Ifakara, na aliyekaa kaunta kuwajibu watu ni mimi. Mjomba alikuwa na jibu moja kwa kila kilichoisha: "Njoo kesho." Mimi sikuweza kulitamka. Watu walikuja kutoka Lipangalala na mbali zaidi wakisukuma baiskeli zao, na hiyo kesho wangetembea tena kwa miguu.

Nikaomba niandike tangazo.

"Ukiwaambia wasubiri wiki, wote watavuka barabara waende duka la mwenzetu," alisema mjomba. "Na hawatarudi."

Hofu yake niliielewa. Hata hivyo alikwenda posta kupiga simu. Msambazaji wa Dar akamwambia mzigo utapakiwa kwenye treni Jumanne, hivyo tukakubaliana kuandika Alhamisi.

Siwezi kuandika kitu mara moja. Nilichana karatasi nyingi, na iliyobaki ilijaa sababu na pole juu hadi chini. Nilipoibandika mlangoni, watu walikusanyika kimya. Mama mmoja muuza samaki akashusha beseni lake.

"Nani amefariki?"

"Hakuna, mama. Ni tairi."

"Maneno yote haya ya tairi? Mimi nimeshaanza kuwaza rambirambi."

Wakacheka wote, nami nikatamani kujificha chini ya kaunta. Nikaandika upya: *Tairi zimekwisha. Tunazitarajia Alhamisi. Mzigo usipopakiwa Jumanne, tutasema hapa.*

Jumanne jioni mjomba alirudi kutoka posta akiwa amenuna. Mzigo haukupakiwa, utakuja na treni ya Ijumaa.

"Iache Alhamisi ilivyo," akasema. "Wakija hawatakosa cha kununua."

Nikachukua kalamu, nikakata Alhamisi, nikaandika: *Mzigo umechelewa. Jumatatu.* Mjomba akatikisa kichwa.

"Duka likifa, wewe ndiye utakayenilisha."

Kesho yake asubuhi alikuja kijana aliyekuwa akibebea watu mpunga kwa baiskeli. Tairi yake ya nyuma ilikuwa imechanika ubavuni. Akasoma, akahesabu siku kwa vidole, na mimi nikangoja matusi.

"Jumatatu mbali," akasema. "Ungesema Alhamisi ningelala tu nyumbani kuisubiri. Nipe sindano kubwa na uzi wa nailoni, niishone."

Akakaa kizingitini kwetu akashona, kisha akaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, akaondoka akipiga mluzi. Treni ya Ijumaa ilipofika, mjomba akauleta mzigo kutoka stesheni.

Jumatatu tulikuta watu mlangoni kabla hatujafungua, kijana yule akiwa miongoni mwao, ametoka kushusha gunia alilolibeba kwa tairi yake ya kushona. Mjomba alikata kamba za mzigo akitania kila mtu. Katikati ya vurugu hiyo mzee mmoja akauliza pampu.

"Zimeisha, mzee wangu."

"Zinakuja lini?"

Mjomba akafungua kinywa, akanitupia jicho.

"Sijui bado," akasema. "Mchana nitapiga simu, nikuambie."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi letu kusubiri mchana.